Kijiko si Kipimo

Neno kijiko ni jepesi mno katika lugha yetu. Twaliita hivyo kile kidogo cha kukorogea chai, na kile cha kulia wali, na aghalabu hata kile kipana cha kupakulia mchuzi. Jikoni wepesi huo hauna madhara, kwa kuwa mpishi huonja, akaongeza chumvi au akaongeza maji. Dawa ya mtoto haionjwi ikarekebishwa. Mama anapokabidhiwa chupa ya dawa ya mafua pamoja na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu "kijiko 1 x 3", neno lile lile la jikoni limekwisha kuwa amri ya tiba, ilhali hakuna aliyemwambia ni kijiko kipi.

Sisi tunaoandika haya twaishi Kulamawe, Isiolo, mbali na bahari na mbali na wengi wenu mnaousoma ukurasa huu. Lakini katika jambo hili nyumba zetu na zenu ni moja. Miezi ya upepo na vumbi inapoingia, watoto wetu huamka na makamasi, kikohozi na joto la mwili, na katika kila nyumba hutafutwa chupa ya dawa ya maji, kisha hufunguliwa droo ya vijiko.

Wenye elimu ya dawa wanapoandika kijiko cha chai hukusudia mililita 5, na wanapoandika kijiko cha mezani hukusudia mililita 15. Hayo ni makubaliano yao. Kiwanda kinachofua vijiko hakikuhudhuria makubaliano hayo, wala hakifungwi nayo. Hufua kijiko kipendeze machoni na kitoshe mkononi. Siku moja tulikusanya vijiko vya nyumba tatu za jirani, tukanunua sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, tukapima maji yanayoingia katika kila kimoja hadi ukingoni. Vijiko vya chai vilivyofanana kwa macho vilitofautiana vilipopimwa: kimoja kilichukua mililita 3, kingine 4, na cha tatu kilifika 6. Kijiko kimoja cha kulia wali kilichukua 13. Jaribio hili halihitaji fundi. Kila msomaji aweza kulifanya kwa vijiko vyake kwa muda mfupi.

Wala si ajabu ya Kulamawe pekee. Nchini Ugiriki watafiti walikusanya vijiko kutoka nyumba za wanawake 25 wakavipima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Vijiko vya chai vilianzia mililita 2.5 hadi 7.3. Ndiyo kusema watoto wawili walioandikiwa kipimo kimoja, mmoja angeweza kunywa karibu mara tatu ya mwenzake, na mama zao wote wawili wakaapa kwamba wametoa kijiko kimoja kamili, na kiapo chao kikawa cha kweli.

Ili tuone tofauti hiyo ina uzito gani, natuchukue mfano wa mtoto mwenye kilo 8. Dawa ya maji ya parasetamoli inayouzwa sana kwetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5, na maneno hayo yameandikwa ubavuni mwa chupa kwa herufi mg na ml. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita ni wingi wa maji yaliyoibeba. Kipimo cha mtoto hutokana na uzito wake, nacho ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kwa kila mara anaponyweshwa. Mtoto wa kilo 8 basi astahili miligramu 80 kwa uchache na 120 kwa wingi. Hizo 120 ndizo mililita 5 kamili, na hapo amekwisha fika mpaka wa juu. Hakuna nafasi iliyobaki ya "kuongeza kidogo".

Sasa mnyweshe mtoto huyo kwa vile vijiko vyetu. Kijiko cha mililita 3 kitampa miligramu 72, chini ya kiasi cha kushusha joto lake. Mama ataona dawa haifanyi kazi, naye atashawishika kuongeza kijiko cha pili kabla ya wakati. Kijiko cha mililita 6 kitampa 144, zaidi ya mpaka, na kikirudiwa mara nne kwa siku, siku baada ya siku, ziada hujilimbikiza. Kijiko cha wali kitampa miligramu 312 kwa mkupuo mmoja. Akinyweshwa mara nne atakuwa amemeza 1,248 kwa siku, ilhali jumla isiyopaswa kuvukwa na mtoto wa uzito huo ni 480. Dawa ni ile ile, bahasha ni ile ile, na kila aliyesoma "kijiko 1" alitii alichoandikiwa.

Parasetamoli ikizidi hushambulia ini, na hatari yake kubwa ni kwamba haipigi kelele. Siku ya kwanza mtoto aweza kutapika kidogo na kukosa hamu ya kula, mambo ambayo mafua pia huyaleta, au asionyeshe dalili yoyote. Madhara ya ini hujitokeza siku ya pili au ya tatu, na hapo muda bora wa tiba umekwisha pita. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, iitwayo asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 hivi tangu dawa ilipozidishwa. Kwa hiyo anayegundua kwamba mtoto amezidishiwa kwa kiasi kikubwa asimtazame uso akasema mbona anacheza. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, achukue na chupa pamoja na kijiko kilichotumika, ili daktari aweze kuhesabu kilichoingia tumboni. Asimtapishe nyumbani.

Dawa ya tatizo hili ni sirinji, na bei yake katika duka la dawa ni ndogo. Muulizeni mwenye duka awape ya kunyweshea, isiyo na sindano. Ya mililita 5 yatosha kwa watoto wengi wadogo. Isiwe iliyokwisha tumika kudungia mtu, hata ikiwa imechemshwa. Na ikiwa ina kifuniko kidogo nchani, kitoeni mkitupe kabla hamjaileta karibu na mtoto, kwa maana imewahi kutokea kifuniko hicho kikaachwa mahali pake, na mtu aliposukuma dawa kikarushwa kooni mwa mtoto na kumkaba.

Matumizi yake ni haya. Kwanza tikiseni chupa vizuri, kwa sababu parasetamoli nyingi za maji hutuama: dawa hukaa chini na maji matamu hubaki juu. Asiyetikisa humpa mtoto wa leo maji matupu, na mtoto wa mwisho wa chupa dawa nzito. Kisha mimineni kiasi kidogo katika kikombe safi, zamisheni ncha ya sirinji, na mvute kile kijiti cha nyuma polepole hadi mpira mweusi upite kidogo mstari mnaoutaka. Isimamisheni ncha ikiwa juu, igongeni kwa kidole ili mapovu yapande, yatoeni, kisha sukumeni hadi mstari wenyewe. Povu lililobaki ndani hushika nafasi ya dawa, na mtoto hupungukiwa.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Mpira mweusi una kingo mbili. Inayosomwa ni ile iliyo karibu na ncha, mahali dawa inapogusana na mpira, wala si ile ya nyuma. Na vistari vidogo si vya thamani moja katika kila sirinji. Katika nyingi za mililita 5 kila kistari ni 0.2, na katika nyingi za mililita 10 kila kistari ni 0.5. Anayehesabu vistari pasipo kusoma tarakimu zilizoandikwa pembeni atapotea siku atakayobadilisha sirinji. Tena nukta ndogo yataka macho makini: 2.5 iliyoandikwa kwa haraka husomwa 25, na 0.5 husomwa 5, kosa la mara kumi kwa ajili ya nukta isiyoonekana. Kila mnapoandikiwa kipimo chenye nukta, mwambieni aliyeandika akitamke kwa mdomo, "mbili na nusu" au "nusu mililita", nanyi mkirudie mbele yake.

Mtoto naye aketishwe wima au apakatwe kichwa kikiwa juu. Ncha iingizwe pembeni, baina ya ufizi na shavu, na dawa isukumwe kidogo kidogo, akimeza ndipo iendelee. Ikielekezwa kooni moja kwa moja, au mtoto akiwa amelazwa chali, dawa yaweza kuingia njia ya hewa naye akapaliwa. Baada ya hapo sirinji ifunguliwe vipande vyake, ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iachwe ikauke kwa hewa. Siku tarakimu zake zitakapoanza kufutika, itupwe, kwani sirinji isiyosomeka haina tofauti na kijiko.

Wako watakaouliza juu ya kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja juu ya chupa. Ni bora kuliko kijiko cha jikoni, kwa sababu kina mistari, lakini hakiifikii sirinji. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wazazi zaidi ya 2,000 waliopewa vifaa na kuambiwa wapime dawa ya maji. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikosea angalau mara moja, na waliotumia kikombe walikuwa katika uwezekano wa kukosea zaidi ya mara nne kuliko waliotumia sirinji, hasa kipimo kilipokuwa kidogo. Sababu yake ni ya wazi. Kikombe ni kipana, na kimo kidogo cha dawa ndani yake ni mililita nyingi. Akikisoma mtu akiwa amesimama, au akikiinamisha kidogo, amekwisha zidisha. Asiye na budi kukitumia akiweke mezani na ainame hadi jicho lilingane na mstari.

Hata hivyo sirinji hupima wingi wa maji tu. Haijui kilichomo ndani yake. Ndiyo maana kosa la pili kwa uzito hutokea mikononi mwa watu waliopima vizuri kabisa. Dawa nyingi za maji ziitwazo za mafua ni mchanganyiko: ndani yake mna dawa ya kukausha makamasi, kama klofeniramini ambayo pia husinziza, na mara nyingi mna parasetamoli pia. Mama humpa mtoto dawa ya mafua, akaona joto bado lipo, akaongeza parasetamoli ya chupa nyingine. Mtoto wetu wa kilo 8, chupa zote mbili zikiwa na miligramu 120 kwa mililita 5, atakuwa amepata 240 kwa mara moja, mara mbili ya mpaka wake, na kila mililita ikiwa imepimwa sawasawa. Basi kabla ya kufungua chupa ya pili, someni orodha ya vilivyomo katika zote mbili. Jina parasetamoli likionekana mara mbili, moja ibaki kabatini.

Na kwa wadogo zaidi, huo mchanganyiko wa mafua haufai kununuliwa bila shauri la daktari. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba usitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 2, na mwaka 2009 Uingereza ikaweka mpaka wa miaka 6, kwa kuwa manufaa yake kwa wadogo hayakuthibitika na madhara yake yalikuwa yameonekana. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mtoto huyo ahitaji maziwa ya mama au vinywaji vya kutosha, pua isafishwe, na parasetamoli peke yake ikiwa joto lamtaabisha. Aliye chini ya miezi mitatu akipata joto, asinyweshwe dawa nyumbani, apelekwe akaonwe. Pia tazameni kama chupa mliyopewa ni ya matone kwa watoto wachanga. Baadhi ya matone hayo yana miligramu 100 katika mililita 1 tu, nguvu ya zaidi ya mara nne ya dawa ya maji ya kawaida. Mililita 5 za matone hayo ni miligramu 500.

Limebaki suala la wakati. Wengi wetu twaipanga siku kwa swala, na si vibaya dawa nayo ikapangwa hivyo, mradi saa zihesabiwe. Parasetamoli yataka nafasi ya saa 6 baina ya mara na mara, na isizidi mara nne katika usiku na mchana mzima. Huku kwetu Alfajiri huingia kama saa kumi na moja na robo, Adhuhuri kama saa sita na nusu, na Magharibi kama saa kumi na mbili na nusu. Anayenywesha baada ya Alfajiri, kisha Adhuhuri, kisha Magharibi, amepata nafasi za saa sita hadi saba bila kutazama saa ya ukutani. Ikihitajika mara ya nne, ni saa sita na nusu za usiku au baadaye, na mtoto aliyelala kwa raha haamshwi kwa ajili yake. Lakini Alasiri yaja saa tatu na kitu tu baada ya Adhuhuri, na Isha yaja saa moja na kitu baada ya Magharibi. Anayefuatisha kila adhana kwa dawa humnywesha mtoto mara tano, na baina ya baadhi ya hizo dawa ya awali ingali mwilini. Bahasha inaposema "x 3" haielezi haya. Hayana budi kuulizwa.

Tena nyumba zetu ni za watu wengi, na hilo ni neema yenye tahadhari yake. Bibi hunywesha mama akiwa sokoni, mama akirudi hunywesha, na shangazi naye akisikia mtoto analia usiku hufanya wema wake. Hakuna aliyekosea kipimo, ila mtoto amekunywa mara tatu kwa saa nne. Twashauri karatasi ifungwe kwa mpira kwenye chupa yenyewe, na kila anayenywesha aandike saa na mililita kabla ya kufunika chupa. Asiyejua kuandika achore mstari mmoja upande wa asubuhi, adhuhuri, jioni au usiku. Chupa isiyo na karatasi isifunguliwe mpaka wote waulizwe.

Mtakapokwenda duka la dawa, chukueni kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kwa kuwa ndani yake umeandikwa uzito wa mtoto. Na ikiwa uzito huo ni wa miezi mingi iliyopita, mwombeni mhudumu ampime upya. Mwambieni mwenye duka jina la kila dawa ambayo mtoto amekwisha kunywa tangu jana. Kisha ombeni mambo matatu yaandikwe juu ya bahasha: mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, na mwisho mara ngapi kwa siku. Akiandika neno kijiko, mrudishieni bahasha kwa adabu, mumwombe alifute na aandike tarakimu, na kabla hamjaondoka avute maji katika sirinji yenu hadi mstari wenyewe, mpate kuuona kwa macho na kuutia alama ya kalamu.